Swali la dedlaini ya kesho asubuhi: kiimla, kidemokrasia au huria, unachagua upi na unautetea vipi

Kuna swali moja la mitindo ya uongozi kwenye pepa za menejimenti ambalo linawaangusha wanafunzi wangu wa jioni kila muhula, na si kwa sababu hawajasoma. Wamesoma sana. Wakiona tu neno "haraka" kwenye swali wanaandika "kiimla", wanapiga mstari chini, wanaeleza kwamba bosi anaamua peke yake na kazi inakwenda mbio, basi, wanahamia swali linalofuata. Kati ya maksi 10 wanapata 3 au 4 halafu wananiuliza mwalimu kwani jibu si lilikuwa ni hilo. Jibu lilikuwa ni hilo ndio, ama karibu na hilo, lakini swali halikuuliza jina la mtindo, liliuliza kwa nini mtindo huo kwa watu hawa na kwa kazi hii.

Sasa tuchukue swali lenyewe tulifanye mpaka mwisho. Hili nimelitunga mimi ila limefuata mkondo wa yale yanayotoka.

Kampuni ndogo ya vifaa vya ofisi hapa Mombasa inaomba tenda ya serikali. Leo ni Alhamisi saa tisa mchana, na sanduku la tenda linafungwa kesho Ijumaa saa nne asubuhi. Meneja ana watu watano. Makarani wawili waliajiriwa wiki mbili zilizopita na hawajawahi kuandaa tenda. Mhasibu yuko na kampuni miaka minne. Fundi wa mashine ana miaka tisa na ndiye pekee anayeelewa sehemu ya kiufundi, yaani ile inayoeleza printa na mashine za fotokopi zinafanya nini na zinatimiza masharti gani. Wa tano ni dereva. Hati ina kurasa kama 140 na inatakiwa nakala mbili. Meneja atumie mtindo gani wa uongozi? Toa sababu. Maksi 10.

Kabla hujaandika chochote hesabu muda. Saa tisa mchana mpaka saa nne asubuhi ni masaa 19, yaani dakika 1,140. Weka hiyo namba pembeni, tutaihitaji.

Pia jua hii dedlaini ni ya aina gani, manake dedlaini hazilingani. Kuna ile ya bosi ambayo ikipita unaomba siku moja, na kuna hii ya tenda za serikali ya Kenya ambapo ukifika saa nne na dakika tano bahasha yako haifunguliwi hata kama bei yako ndiyo nzuri kuliko zote. Na kuwahi peke yake hakutoshi. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inataka mwombaji aweke namba kwenye kurasa zote kwa mfululizo, na ukiruka kurasa unajiweka kwenye hatari ya kutolewa pale mwanzo kabisa, kabla mtu hajasoma bei. Kwa hiyo meneja ana shida mbili, muda na makosa, na mtindo atakaouchagua lazima utibu zote mbili. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wanatibu muda peke yake.

Uongozi wa kiimla kwenye kesi hii

Ubaya wa huu mtindo kila mtu anaujua, tuanze na uzuri wake. Makarani wawili hawajawahi kufanya hii kazi. Ukiwauliza "mnaonaje tuanze wapi" unawapa mzigo ambao hawana mabega ya kuubeba, watatazamana. Wanachohitaji ni mtu awaambie wewe piga fotokopi ya vyeti hivi sita kwa mpangilio huu, wewe kaa na orodha ya masharti uweke tiki mbele ya kila hati inayoingia, ukikosa hati moja njoo kwangu hapohapo. Kwa mtu mgeni kazini amri iliyo wazi inampunguzia wasiwasi, anajua afanye nini na anajua akimaliza amemaliza.

Lakini uimla una gharama, na kwenye swali la dedlaini gharama yake kubwa si ile wanayoandika wengi, "wafanyakazi watakosa ari". Ari haiporomoki usiku mmoja. Gharama ya kweli ni foleni mezani kwa bosi. Kila uamuzi ukipita kwa mtu mmoja basi kasi ya ofisi nzima inakuwa ni kasi ya huyo mtu, na akitoka kwenda kutia saini mahali, watu wote watano wanakaa wakimsubiri. Ukitaka kujua uimla umeanza kuharibu tazama tu watu, kama wamesimama na makaratasi mkononi wakingoja kumuuliza bosi, tayari.

Gharama ya pili ni ukimya. Niliwahi kufanya kazi ofisi moja, miaka mingi sasa, bosi alikuwa mkali kweli na tenda ikawa inafungwa siku ya pili yake. Akagawa kazi kwa sauti, hakuna aliyeuliza kitu, tukakesha. Asubuhi hati ikafungwa, ikapelekwa, ikawahi kabisa. Tukatolewa kwa sababu kurasa za viambatisho hazikuwa na namba. Baadaye dada mmoja wa mapokezi akaniambia aliliona hilo tangu saa mbili usiku, alishika kabisa kurasa mkononi, lakini alimsikia mzee akifoka "sitaki maswali" akaona akisema itakuwa amejibizana naye. Mpaka leo nikifundisha hii mada naikumbuka ile sauti yake. Tuliwahi muda tukapoteza kazi.

Ukiweza kuandika hiyo hoja kwenye pepa, kwamba uimla unaleta kasi lakini unaziba mdomo wa anayeona kosa, umeshatoka kwenye kundi la maksi 4.

Uongozi wa kidemokrasia

Hapa kuna kutoelewana kukubwa. Wanafunzi wanaandika "uongozi wa kidemokrasia hautafaa kwa sababu kupiga kura kunachukua muda". Hakuna kura! Kiongozi wa kidemokrasia anashirikisha watu, anasikiliza, halafu mara nyingi uamuzi wa mwisho unabaki kwake. Kinachokula muda ni mjadala usiokuwa na mwisho, na mjadala unaweza kuwekewa saa.

Rudi kwenye ile namba ya dakika 1,140. Meneja akiwaita wote watano wakae dakika 20, aulize maswali mawili tu, la kwanza ni kitu gani kwenye hii hati kinaweza kutukwamisha, la pili nani amewahi kuona tenda ikitolewa na ilitolewa kwa nini, amekula chini ya asilimia 2 ya muda wake. Na kwenye hizo dakika 20 ndipo fundi atasema barua ya mtengenezaji wa mashine tuliyonayo ni ya mwaka jana lazima tuombe nyingine leo kabla huko ofisini kwao hawajafunga, ndipo mhasibu atasema cheti cha kodi cha KRA kinaisha mwezi huu tuangalie tarehe. Hayo meneja hayajui. Hata angekuwa mkali namna gani asingeyajua kwa ukali.

Kwa hiyo ukiandika "demokrasia haifai kwa sababu hakuna muda" msahihishaji anaweza kukuuliza moyoni, hakuna muda kiasi gani? Masaa 19 si dakika 19. Kama swali lingekuwa la moto umewaka jikoni hotelini hapo sawa, hakuna kikao, toka nje wote. Dedlaini ya kesho asubuhi ina nafasi ya kikao kimoja kifupi. Haina nafasi ya vitatu. Demokrasia ikianza kuharibu utaona jambo lililoshaamuliwa saa kumi linajadiliwa tena saa mbili usiku, mtu anarudisha "lakini mimi nilikuwa naonelea...", na hapo ndipo meneja anatakiwa aseme hilo limeshapita, tuendelee.

Uongozi huria

Huu wengi wanaufuta kwa mstari mmoja na kwa timu nzima wako sawa. Ukiwaachia makarani wa wiki mbili wajipangie wenyewe tenda ya kurasa 140 basi umeitupa. Kila mmoja atashika anachokiona rahisi, hati moja itapigwa fotokopi mara mbili na nyingine haitapigwa kabisa, na hakuna atakayejua mpaka asubuhi.

Ila usiufute kwa kila mtu. Yule fundi wa miaka tisa, sehemu yake ya kiufundi nani mwingine anaijua? Hakuna. Meneja akisimama nyuma yake kumwambia andika hivi, usiandike vile, anamchelewesha mtu pekee anayejua. Kwa fundi meneja anatakiwa aseme mambo mawili tu: nataka sehemu yako imekamilika saa tatu usiku, na ukikwama nipigie. Kisha amwache. Huo ni uongozi huria uliowekewa mipaka, na uko halali kabisa kwenye jibu lako kama utaeleza kwamba unamhusu mtu mmoja, kwa kazi moja, na kuna saa ya kukagua.

Hii mitindo ilitoka wapi na kwa nini inakusaidia kwenye pepa

Mitindo hii mitatu inatajwa sana pamoja na Kurt Lewin, msomi aliyetoka Ujerumani mwaka 1933 akahamia Marekani, na wenzake wawili Ronald Lippitt na Ralph White. Walifanya majaribio kule Iowa, matokeo wakayatoa mwaka 1939. Walichukua watoto wa kiume wa miaka kama kumi, wakawaweka kwenye vikundi vya baada ya shule vya kutengeneza vinyago na kazi za mikono, kila kikundi na mtu mzima anayeongoza kwa mtindo fulani. Halafu wakakaa kuangalia watoto wanafanya kazi kiasi gani kiongozi akiwepo, na kiasi gani akitoka chumbani.

Hapo kwenye kutoka chumbani ndipo penye utamu. Vikundi vya kiimla ambavyo watoto walitii vilikuwa kazini kama asilimia 74 ya muda kiongozi akiwepo, akitoka ikashuka mpaka asilimia 29. Vya kidemokrasia vilikuwa asilimia 50 akiwepo na 46 akiwa hayupo, yaani karibu palepale. Huria ilikuwa kama 33 tu hata kiongozi akiwa amekaa nao.

Soma hizo namba ukiwa na swali letu mkononi. Uimla unashinda kwa kazi nyingi, ndio, lakini kwa sharti la bosi kuwepo. Kwa hiyo kama swali linasema meneja atakuwa ofisini usiku kucha, hoja ya uimla inapata nguvu. Kama swali linachomeka sentensi kwamba "meneja anatakiwa kwenda Nairobi jioni hiyo" (na watunga maswali wanapenda sana kuchomeka hivi) basi hoja inageuka, kwa sababu usiku timu itabaki peke yake na kinachofanya kazi bila bosi ni kile ambacho watu wamekikubali wenyewe. Ila usiwatumie hao watoto kama ushahidi wa mwisho kwa watu wazima wenye mishahara, taja kwamba ilikuwa ni vikundi vya watoto vya kujifurahisha. Kuonyesha mpaka wa ushahidi nako kunaonyesha umeelewa.

Kingine kwenye hayo majaribio, uongozi huria haukupangwa tangu mwanzo. Mmoja wa viongozi, White, alikuwa anajaribu kuongoza kidemokrasia akawa mlegevu mno, watafiti wakaona hiki si demokrasia hata kidogo ni kitu cha tatu, wakakipa jina lake. Nawaambia wanafunzi wakishike hicho kwa sababu kosa lilelile wanalifanya kwenye majibu, wanaeleza demokrasia kwa maneno ya huria: "kiongozi anawaacha wafanyakazi waamue". Ukiandika hivyo umeshaharibu ulinganisho wako wote maana mitindo mitatu imekuwa miwili.

Kwa hiyo unachagua upi

Msimamo wangu kwa kesi hii ni kiimla kama mtindo mkuu, lakini baada ya kikao kimoja cha dakika 20, na fundi aachiwe sehemu yake. Wapo walimu wanaosema usichanganye, chagua mmoja tu kwa sababu swali limesema "mtindo gani". Nawaelewa, manake mwanafunzi akiandika "atumie yote mitatu" anakuwa amekwepa swali. Dawa yake ni kutaja mkuu kwanza, waziwazi, sentensi ya kwanza kabisa, halafu ndo uonyeshe umelegeza wapi na kwa sababu gani ya kwenye swali. Wasomi Tannenbaum na Schmidt waliandika mwaka 1958 kwamba kati ya bosi anayeamua peke yake na bosi anayewaachia watu kuna mstari mrefu wenye vituo vingi, na kiongozi anachagua kituo kwa kujiangalia mwenyewe, kuangalia watu wake na kuangalia hali ilivyo, muda ukiwemo. Ukiwataja umepata kibali cha kulegeza bila kuonekana unayumba.

Jibu lenyewe ningeliandika hivi:

"Meneja atumie zaidi uongozi wa kiimla. Muda uliobaki ni masaa 19 na dedlaini haiongezwi, na makarani wawili hawana uzoefu wa tenda, hivyo wanahitaji maelekezo ya moja kwa moja na ukaguzi wa karibu. Hata hivyo meneja hana taarifa zote, kwa hiyo aanze na kikao kifupi cha dakika 20 ili mhasibu na fundi wataje hati zinazoweza kukwamisha, kisha aamue mwenyewe na kugawa kazi. Uongozi wa kidemokrasia kwa kazi nzima haufai kwa sababu mijadala ya kurudia itakula muda wa ukaguzi. Uongozi huria haufai kwa makarani ila unafaa kwa fundi kwenye sehemu ya kiufundi, akipewa saa ya kukabidhi. Hatari ya uimla ni wafanyakazi kuogopa kutaja makosa na kazi kukwama meneja akiwa hayupo. Ili kuipunguza, meneja amteue mhasibu kuamua akitoka, na atangaze kwamba yeyote akiona kosa alitaje papo hapo."

Ukilihesabu hilo jibu utaona sentensi zinazobeba sababu zimeshika vitu vya kwenye swali: masaa, makarani, fundi, mhasibu. Hizo huwezi kuzihamishia swali la hospitali zikakaa sawa. Mimi nikisahihisha ndo kitu cha kwanza naangalia, nafunika swali kwa mkono nasoma jibu, kama siwezi kukisia kampuni ilikuwa inafanya nini basi mwanafunzi alikariri.

Na usiku wenyewe ungekwenda hivi, ukiulizwa kipengele cha utekelezaji: saa tisa kikao, saa tisa na nusu kila mtu yuko kwenye kazi yake aliyopangiwa, saa tatu usiku fundi anakabidhi, saa nne usiku hati zote ziko mezani kwa mpangilio, ndipo namba za kurasa zinapigwa, si kabla, kwa sababu ukiingiza karatasi moja katikati baada ya kupiga namba unarudia zote. Saa moja asubuhi mtu ambaye hakuandika anapitia ukurasa mmoja mmoja, dereva anaondoka saa mbili na nusu maana foleni ya Likoni au Nyali asubuhi haiulizi una tenda.

Swali likibadilishwa kidogo

Watunga mitihani hawarudii swali, wanabadilisha sentensi moja tu na jibu linahama nalo. Wakiandika kwamba watu wote watano wana uzoefu wa miaka kumi na washashinda tenda kadhaa pamoja, uimla unapoteza mguu wake mmoja mkubwa. Hapo mtindo mkuu wangu ungekuwa wa kidemokrasia na kikao kingekuwa kilekile cha dakika 20, sema wangegawana kazi wenyewe na meneja abaki mlinzi wa saa.

Wakibadilisha masaa 19 yawe wiki tatu, bado neno "dedlaini" litakuwepo na bado wengi wataandika kiimla kwa mazoea. Wiki tatu ni muda wa kuwafundisha wale makarani, kikao kila Jumatatu, na uimla unaingia siku mbili za mwisho tu wakati wa kufunga hati.

Na wakiongeza kwamba makarani wawili waliokuwepo kabla waliacha kazi kwa sababu ya ukali wa meneja, hiyo sentensi haikuwekwa bure. Bado saa tisa hii ya Alhamisi ningesema atoe maelekezo ya moja kwa moja maana hawa wapya hawajui kazi, lakini ningetumia mistari miwili kueleza kwamba aeleze sababu ya kila agizo anapolitoa, na Jumatatu akae nao wapitie usiku ule ulikwendaje, nani alikwama wapi, na nani aliona kitu akanyamaza.